Taa ya Ijumaa jioni: marabi na Wakaraiti

Kutoka 35:3 inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, ambayo kwa Wayahudi huanza Ijumaa jua linapozama. Marabi, wakishika mapokeo ya mdomo, wanasema kilichokatazwa ni kuwasha: taa iliyowashwa kabla jua halijazama iachwe iwake, tena ni wajibu kuiwasha. Wakaraiti, kundi la Wayahudi, waliyakataa mapokeo hayo. Kwao andiko pekee ndilo hoja, na kitenzi cha Kiebrania walikisoma kwamba moto usiwake kabisa. Basi wakakaa gizani na kula chakula baridi.

Ila hata wao hawakukwepa mabishano: karne ya 15, viongozi wao wa Konstantinopoli waliruhusu taa iliyowashwa mapema. Wenzao wengine waligoma. Asiye na mapokeo husoma upya, na wasomaji hawakubaliani.