Kitabu cha kumlazia mtoto kilichotuamsha nyumba nzima

Jalada linajinadi kwamba ni hadithi fupi ya kulala, Kiswahili na Kiingereza, mstari kwa mstari. Ni uongo, na si ule wa "uongo njoo, utamu kolea".

Kwetu usiku tunasoma hivi: mimi nasoma mstari wa Kiswahili, kisha baba yake, ambaye ni Mghana na Kiswahili chake kinaishia sokoni, anasoma wa Kiingereza. Mtoto yuko katikati na kidole chake. Utaratibu huu unadai kitu kimoja tu, mistari miwili iseme jambo lilelile.

Hadithi yenyewe ni ya kitoto cha paka aliyepotea uani akitafuta pa kulala. Anamwendea kuku, kuku anamwambia bandani hakuna nafasi. Anamwendea mbuzi, halafu bundi. Kurasa za mwanzo tulikwenda vizuri. Tulipofika kwa bundi nikasoma kwa sauti nzito ya kibundi, baba yake akapokea, akasoma habari za mbuzi. Mtoto akaangalia picha, akamwangalia baba yake, akasema, "Baba, mbuzi hayupo hapo." Usingizi wote ukaruka.

Nimekaa na kitabu hicho nikakichambua, kwa hasira nakiri, na sababu ni ya wazi kabisa. Kitenzi chetu kinabeba mizigo mingi ndani ya neno moja. "Hawakumwona" ni neno moja, Kiingereza kinahitaji maneno matano kusema hivyo hivyo. Sasa aliyepanga kurasa ameweka visanduku viwili vya ukubwa uleule, kushoto na kulia. Kiswahili kinaenea na nafasi inabaki, Kiingereza kinafurika. Badala ya kupanua kisanduku au kupunguza sentensi, amesukuma sentensi ya mwisho iende ukurasa unaofuata. Ukurasa huo nao ukafurika, ukasukuma mbili. Mpaka kwa bundi, Kiingereza kiko nyuma ukurasa mzima.

Na mwisho? Kiswahili kinafika kwa mama paka, analambwa kichwa, analala. Upande wa pili nafasi imekwisha, wakaikata. Yaani kwa Kiingereza yule paka hajafika kwao mpaka leo! Unamlazaje mtoto na habari hiyo?

Tena paka huyo huyo mara ni wa kike, mara wa kiume. Kwetu "akalia" haisemi jinsia, lakini Kiingereza lazima kichague, na aliyetafsiri alichagua upya kila ukurasa. Hilo ningelivumilia.

Nisichovumilia ni yule kijana wa duka la vitabu Posta. Nimetoka Kimara kwa mwendokasi, nimesimama njia nzima, joto la Dar mnalijua. Namfungulia ukurasa wa bundi, namwonyesha kwa kidole. Hata hakuinamisha macho. "Mama, hicho cha watoto, wao wanaangalia picha tu." Nikamwambia, "Mdogo wangu, mtoto ndiye aliyeliona kosa." Akacheka, akageukia simu yake. Kubadilishiwa hakuna, kimeshafunguliwa. Kwani kitabu kinasomwa kikiwa kimefungwa?

Kwa hiyo ukiwa dukani usiangalie ukurasa wa kwanza, huo karibu kila mara uko sawa. Fungua katikati, tafuta jina la mnyama upande wa Kiswahili, kisha litafute upande wa pili. Hesabu alama za nukta pande zote mbili. Tofauti ya moja si neno, mtafsiri anaweza kugawa sentensi ndefu. Ila mnyama asiyeonekana upande mmoja, rudisha rafuni. Halafu soma ukurasa wa mwisho, maana huko ndiko wanakokata.

Hukumu yangu ni msinunue. Lakini niseme kweli, Kiswahili chake ni kitamu, nadra kukipata siku hizi. Kuku anaongea kama kuku mwenye maneno, bundi ana kiburi, na kile kiitikio cha "Nilale wapi mie?" mwanangu anakiimba hata bafuni. Mwandishi hana kosa, nadhani hata mtafsiri hana makubwa. Nimetia namba kwa penseli kila sentensi ya Kiswahili na ya Kiingereza, baba yake sasa anafuata namba na si ukurasa, akifunua mbele na nyuma. Sentensi zilizokatwa ametunga mwenyewe, tumezibandika kwa karatasi. Kinasomeka, na mtoto anakidai kila usiku.

Basi nyota tatu. Hapana, mbili, maana ya tatu nimeifanyia kazi mwenyewe kwa penseli yangu. Na duka lile halipati hata nusu.