Miezi mitatu na programu ya kupanga njia: tuktuk yangu ya gesi Kisumu

Nasambaza mitungi ya gesi kwa tuktuk, ghala letu liko Kibuye. Programu hii ya simu niliipenda kwa jambo moja: oda ikiingia, haiitupi mwisho wa orodha kama nilivyozoea kufanya mimi. Inajaribu kila nafasi kati ya vituo viwili vinavyofuatana, kisha inamweka mteja pale anaporefusha safari kidogo kuliko kwingine kote.

Niliielewa vizuri Jumanne moja. Mzunguko wangu ulikuwa Kibuye, Kondele, Nyamasaria, Milimani na kurudi Kibuye: kilomita 2, 5, 6 na 3, jumla 16. Kabla sijawasha injini, mama mmoja wa Manyatta akapiga simu. Zamani ningemjibu, "Sawa mama, nitakupitia nikirudi." Kutoka Milimani hadi kwake ni 4.5, kwake hadi Kibuye 3. Toa ile 3 ya Milimani hadi Kibuye ambayo siipiti tena, nyongeza ni 4.5. Programu ikamweka kati ya Kondele na Nyamasaria: 1.5 kufika kwake, 4 kuendelea, toa 5. Nusu kilomita! Na angalia, kituo kilicho karibu naye ni Kondele, lakini ningempitia kabla ya Kondele ningeongeza 2.5. Kumbe ukaribu peke yake hautoshi, lazima uhesabu na kipande unachokivunja.

Wiki ya kwanza ilinikosesha adabu. Nikiwa tayari Nyamasaria, oda mpya ikachomekwa kati ya Kibuye na Kondele, njia niliyoimaliza saa nzima nyuma. Kwenye hesabu ilikuwa nafuu, barabarani nilirudi mjini nikinung'unika. Kosa lilikuwa langu kwa sehemu: usipobonyeza kuwa umefika kituoni, programu inadhani bado uko ghalani. (Kitufe chenyewe ni kidogo kama punje ya mtama.)

Udhaifu mkubwa ni kwamba ikishamweka mtu, haimhamishi. Asubuhi, oda zote zikiwa mkononi, inachagua kwanza yule mwenye nyongeza ndogo kuliko wote, na njia hutoka safi. Mchana zinaingia mojamoja, kila moja inajipenyeza kwenye mpangilio wa zamani, na kufikia saa tisa mistari kwenye ramani inakatana. Nikiona mkatano, nafuta vituo vilivyobaki na kuviingiza upya vyote kwa pamoja. Juzi vituo saba vilishuka kutoka kilomita 21 hadi 18.

Haina pia mahali pa kuandika saa. Mteja akiishiwa gesi ugali ukiwa jikoni, namsogeza mbele kwa kidole, kilomita ziongezeke tu. Nimeipa nyota nne.