YouTube Studio na video zinazolana: uzoefu wangu na chaneli ya kilimo cha zabibu Dodoma

Hapa natathmini kazi moja tu ya YouTube Studio: kuonyesha kama video zako mbili au tatu zinazofanana zinanyang'anyana watazamaji wanaotoka kwenye utafutaji. Nimeitumia kwenye chaneli inayofundisha wakulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi na Chinangali. Naipa alama nne kati ya tano. Takwimu zote zinazohitajika zimo na hulipii chochote, ila hesabu yenyewe ya kulana lazima uifanye kwa mkono kwenye Google Sheets, maana Studio haina ukurasa unaokuonyesha neno moja la utafutaji likigawanyika kati ya video zako.

Kwanza tuelewane kulana ni nini. Video mbili za chaneli moja kutokea kwa neno moja siyo tatizo. YouTube hupima kila video kivyake kwa jinsi inavyoendana na neno lililotafutwa na jinsi watu waliotafuta neno hilo wanavyoitazama, na matokeo ya utafutaji yanaweza kuonyesha video zako mbili kwa pamoja. Hapo huenda umeongeza watazamaji. Kulana ni pale video mpya inapopata watu, ya zamani ikapoteza karibu idadi ileile kwa maneno yaleyale, na jumla ikabaki palepale au ikashuka. Kwa hiyo unachotafuta ni jumla ya neno kabla na baada, kisha mgawanyo wake. Ukiangalia video ya zamani peke yake utaona imeshuka, utalaumu ile mpya, na pengine umekosea.

Takwimu huchukuliwa kwenye kompyuta, kwa sababu programu ya simu haina sehemu hii. Fungua Analytics, kisha Advanced mode. Bofya jina la chaneli juu kushoto, nenda Groups, tengeneza kundi lenye video zote za mada hiyo. Chagua Traffic source, bofya YouTube search, na orodha ya maneno waliyoandika watu itafunguka. Kundi linakupa jumla. Ukishaiona, rudi ufungue video moja moja kwa njia hiyohiyo na kwa tarehe zilezile, kila mara ukipakua kwa mshale wa kupakua ulio juu kulia. Video tatu kwa vipindi viwili ni mafaili sita. Yabandike yote kwenye jedwali moja lenye safu hizi kwa mpangilio huu: neno, familia, video, kipindi, utazamaji, saa za kutazamwa. Ukurasa huo uuite Data.

Safu ya familia, yaani jina moja la maneno yote yanayotafuta kitu kimoja, ndiyo wengi wanairuka, nayo ndiyo inayoamua kama jibu lako ni la kweli. Mkulima mmoja anaandika "kupogoa zabibu", mwingine "kupogolea zabibu", mwingine "kupogoa mizabibu", mwingine "kukata matawi ya zabibu". Wote wanataka kitu kimoja. Ukiyahesabu mbalimbali, video ya zamani inaweza kuonekana imepoteza neno la kwanza kumbe imelipata la tatu. Andika kwa mkono "kupogoa" mbele ya yote hayo. Kwa maneno 80 ya juu ni kazi ya nusu saa, na usiyapuuze hata maneno yenye makosa ya tahajia. Baada ya hapo, kwenye ukurasa mwingine weka:

```
=QUERY(Data!A:F,"select B, sum(E) where E is not null group by B pivot C, D",1)
```

Badilisha `sum(E)` kuwa `sum(F)` upate saa badala ya idadi ya kutazamwa. Majedwali yote mawili yanahitajika, na mfano ufuatao unaonyesha sababu.

Kabla ya mfano, neno kuhusu vipindi. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hata kupogoa kuna misimu miwili, na utafutaji hupanda na kushuka nayo. Ukilinganisha siku 28 za msimu wa kupogoa na siku 28 zilizofuata, kila video itaonekana imeliwa, wakati ukweli ni kwamba wakulima wamemaliza kupogoa na wako shambani wanapiga dawa. Linganisha msimu na msimu uleule wa mwaka uliopita, kwa idadi sawa ya siku. Weka pia familia moja ya kupimia, yaani maneno ambayo video mpya haiwezi kuyagusa. Kwenye chaneli hii ni "zabibu dodoma", linalopeleka watu karibu wote kwenye video ya zamani.

Basi tuitazame hali yenyewe. Video ya zamani, ya dakika 14, inaitwa "Jinsi ya kupogoa zabibu". Mpya ni ya dakika 6, "Kupogoa zabibu hatua kwa hatua". Msimu kabla ya video mpya, familia ya kupogoa iliiletea ya zamani kutazamwa mara 410 kwa siku 28. Msimu uleule mwaka uliofuata, ya zamani ilipata 190 na mpya 235. Jumla 425. Familia ya kupimia, "zabibu dodoma", ilitoka 95 ikaenda 94, kwa hiyo uhitaji wa watu haukubadilika kwa namna ya kuleta mabadiliko hayo. Ya zamani imepoteza 220, mpya imepata 235. Hao ni watu walewale waliogawanywa.

Hapo mtu anaweza kusema hakuna hasara, 425 ni zaidi ya 410. Fungua jedwali la saa. Wanaotoka kwenye familia hiyo huitazama video ya zamani kwa wastani wa dakika 5 na sekunde 10. Mpya wanaitazama dakika 2 na sekunde 5. Kabla, 410 kwa wastani huo ni saa 35.3. Baada, ya zamani inaleta saa 16.4 na mpya 8.2, jumla 24.6. Saa zimepungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 30 huku idadi ya kutazamwa ikionekana nzuri. Hii ndiyo sura ya kulana inayojificha, na ndiyo maana sikubaliani na wanaopima kwa idadi ya kutazamwa peke yake.

Lakini video fupi kuwa na dakika chache siyo kosa. Mkulima mwenye kifurushi kidogo anaweza kupata jibu lake kwa dakika mbili akaenda zake shambani, na huyo amehudumiwa vizuri. Ili kutofautisha, fungua video mpya, nenda kwenye mchoro wa kubaki kwa watazamaji, uone wanaondokea wapi. Wanaoondoka baada ya kuona mkasi ukikata na macho mawili au matatu ya kuchipua yakibaki kwenye tawi wamepata walichofuata. Wanaoondoka ndani ya sekunde 30 za mwanzo hawakukuta walichoahidiwa. Kwenye video hii mteremko ulikuwa mwanzoni kabisa, na chanzo kilionekana mara moja kwenye picha: ilirekodiwa kwenye miche ya mwaka wa kwanza, inayoongozwa shina moja kupanda hadi kwenye waya. Anayetafuta "kupogoa zabibu" wakati wa msimu kwa kawaida ana mizabibu iliyokomaa. Maudhui ya video hizi mbili hayakufanana hata kidogo. Vichwa ndivyo vilivyofanana.

Dawa yake basi haikuwa kufuta. Kwenye YouTube huwezi kuelekeza anwani ya video moja kwenda nyingine kama wanavyofanya wenye tovuti, wala huwezi kubadilisha faili la video iliyokwisha kuchapishwa ukabaki na anwani ileile. Ukifuta, viungo vilivyosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakulima vinakufa. Ukilazimika kuitoa video kwenye utafutaji, iweke Unlisted: itatoweka kwenye utafutaji, lakini mwenye kiungo ataifungua. Hapa kilichobadilishwa ni kichwa cha video mpya, kikawa "Mche wa zabibu mwaka wa kwanza: kuuongoza hadi kwenye waya", pamoja na mistari miwili ya kwanza ya maelezo na picha ya jalada iliyokuwa na mkasi kama ile ya zamani. Mwishoni mwake ikawekwa video ya zamani kwenye skrini ya mwisho, kwa anayetaka hatua inayofuata. Video ya zamani haikuguswa kabisa, na hilo ni muhimu, kwa sababu ukibadilisha zote mbili kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi.

Baada ya siku 28 msimu ulikuwa unaishia, kwa hiyo idadi haikufaa kulinganishwa. Kinachofaa wakati huo ni mgao. Katika familia ya kupogoa, video ya zamani ilikuwa na asilimia 45 (190 kati ya 425). Sasa ilikuwa na 71. Kwenye orodha ya video mpya yalianza kutokea maneno kama "kupanda zabibu" na "zabibu changa", ambayo hayakuwamo kabisa kabla. Ukiona mgao umehama lakini maneno mapya hayaji, kichwa kipya hakitafutwi na mtu, na umeipunguzia video hiyo watazamaji bila kuipa wengine. Hapo rudi kwenye orodha ya maneno ya kundi zima utafute namna wakulima wenyewe wanavyolisema jambo hilo.

Sasa ile alama moja niliyoibakiza. Orodha ya maneno haikuonyeshi video yako ilikuwa ya ngapi kwenye matokeo, kwa hiyo ukitaka nafasi unaangalia kwa macho kwenye dirisha la faragha bila kuingia akaunti, ukijua kwamba mahali ulipo na lugha ya kifaa bado vinaweza kubadilisha unachokiona. Maneno yenye watu wachache sana mara nyingi hayaorodheshwi, kwa hiyo jumla ya maneno huwa ndogo kuliko jumla ya YouTube search, na kwa chaneli ndogo pengo hilo ni kubwa. Mimi siamui chochote kwa familia yenye kutazamwa chini ya mara 50 kwa kipindi. Watu kumi tu wakihama picha yote inageuka. Takwimu za siku mbili za mwisho pia huwa hazijakamilika, hivyo tarehe ya mwisho ya kipindi iishie angalau siku tatu nyuma. Na watu wanaokuja kupitia utafutaji wa Google wamo kwenye External, siyo YouTube search. Kwa maneno ya kilimo kundi hilo linaweza kuwa kubwa, kwa hiyo kabla ya kusema video ya zamani imeliwa, hakikisha haikupoteza watu upande huo wakati uleule, maana hao hawamo kwenye hesabu hii ya YouTube search.