GIMP 3.0 kwa kukausha nywele zilizonyeshewa kwenye picha: uzoefu wangu

Nahariri picha za sura kwa GIMP, toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025, na hapa naipima kwa kazi moja tu: kuzikausha nywele za mtu aliyenyeshewa au aliyelowa jasho. Anayepiga picha za harusi na mahafali Kisumu anaijua kazi hii vizuri. Saluni imefanya yake asubuhi, alasiri wingu linatoka ziwani, na picha nzuri kuliko zote inapigwa nywele zikiwa zimelala kichwani. Programu hii ni ya bure na kazi inaiweza, ila ina mapungufu mawili nitakayoyataja yakifika mahali pake.

Wengi hukimbilia kuongeza mwanga kwenye nywele, wakapata nywele zilezile zilizolowa, sasa za kijivu. Maji hufanya mambo matatu, na kila moja lina dawa yake. Kwanza huzivuta nyuzi zikashikana kuwa vishungi vyenye ncha kali, kama brashi ya rangi iliyotoka majini. Pili, uzito wake hulaza nywele, kichwa kikaonekana kidogo na ngozi ya kichwa ikachungulia kati ya vishungi. Tatu, utando wa maji hugeuza mng'ao mpana kuwa mistari myembamba myeupe, huku sehemu nyingine zikizidi kuwa nyeusi. Nafuata mpangilio huu: ujazo, kisha kutenganisha nyuzi, kisha mng'ao. Ukitenganisha kabla ya kuinua, kila unyuzi uliouchora utavutwa na kunenepa, urudie kazi.

Nichukue picha ya aina inayonijia mara kwa mara: bibi harusi ufukweni Dunga, nywele zimetiwa dawa na kupigwa blodrai, zinafika mabegani, nyuma yake mafunjo na mstari wa ziwa. Kamera ya megapikseli 24, picha ya wima, pikseli 6000 kwenda juu, kutoka kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Hapo urefu wote wa picha ni kama sentimita 60, kwa hiyo sentimita moja ni pikseli 100. Unywele mmoja una unene wa karibu milimita 0.07, yaani haufiki hata pikseli moja. Hesabu hii inakuepusha na kosa la kuchora nyuzi nene. Macho yanachokiona kama unyuzi ni nywele chache zilizo pamoja, na kwa picha hii unene wake ni pikseli 2 hadi 4. Kishungi kilicholowa kinaweza kuwa na pikseli 60.

Kwa ujazo natumia `Warp Transform` ikiwa kwenye `Move pixels`. Narudufu leya kwanza, kwa sababu mabadiliko ya kifaa hiki yakishathibitishwa kwa Enter yanaganda kwenye leya. Brashi iwe kubwa, kama pikseli 700, na `Strength` ishushwe hadi 25. Anza kusukuma kutoka ndani ya nywele, karibu na mwachano, kuelekea nje. Ukianzia ukingoni unavuta ukingo pekee, na nywele zinapata kofia yenye ukungu. Utosini nainua kama pikseli 150, pembeni juu ya masikio 80, na chini ya taya karibu sifuri, kwa kuwa nywele zilizokaushwa hujaa zaidi kwenye mizizi. Usizidishe. Nyuzi zimelala sambamba na ukingo, kwa hiyo kila unaposukuma nje unavipanua vishungi kwa upana, navyo vinaonekana vinene kuliko mwanzo. Hilo ni la kawaida, litarekebishwa kwenye hatua inayofuata.

Hapa ndipo pungufu la kwanza. Kifaa hiki hakina brashi ya kuufunga uso usiguswe, na kwa brashi ya pikseli 700 paji la uso na sikio vinasogea pamoja na nywele. Mstari wa ziwa nao unapinda, na hilo ndilo linalomuumbua mhariri, maana maji hayapandi mlima nyuma ya kichwa cha mtu. Dawa ni maski: ipe leya iliyosukumwa maski nyeupe, kisha kwa brashi nyeusi laini futa uso, masikio na mandhari hadi kwenye ukingo mpya wa nywele. Leya ya chini ina uso na ziwa vilivyonyooka, na kwa kuwa nywele zimetanuka kwenda nje, hakuna pengo la kuziba.

Kutenganisha nyuzi ndiko kunakokula muda, na ndiko kunakoamua kama picha itaaminika. Anza na ncha. Kishungi kilicholowa huishia kwenye nukta moja kwa sababu nyuzi zote zimekutana hapo. Nywele kavu huishia wazi, kila unyuzi mahali pake. Basi ondoa nukta hiyo kwa `Clone`, ukichukua mandhari au kitambaa cha jirani, kisha fungua leya mpya na uchore miisho upya, ikipishana kwa pikseli 100 hadi 200, yaani sentimita moja au mbili. Bila hatua hii, hata ukichora nyuzi mia katikati, jicho litaendelea kuona maji.

Kisha panda kwenye mwili wa kishungi. Natumia `Paintbrush` yenye `Hardness 075` na mienendo ya `Pressure Size`, na rangi nazichota kwenye nywele zenyewe kwa kushikilia Ctrl: moja ya kivuli, moja ya sehemu inayopata mwanga. Nyeusi tupu siitumii kamwe. Mistari ya kivuli inatangulia, unene pikseli 5 hadi 8, ikianza theluthi ya kwanza baada ya mizizi na kufuata mlalo wa nywele, hadi kile kishungi cha pikseli 60 kigawanyike vipande vitano au sita visivyolingana. Juu yake inakuja mistari ya mwanga ya pikseli 2 hadi 4. Baadhi iache itoke kwenye kishungi chake, ivuke pengo na kuingia kwa jirani. Hiyo inayovuka ndiyo inayoziba ngozi ya kichwa. Mwachano wenyewe usiufute, kwa sababu hata nywele kavu zina njia yake. Upunguze tu upana.

Kasoro utazijua hivi. Nyuzi zikionekana kama meno ya kitana, umezipanga kwa nafasi sawa: zipeleke mbili mbili, tatu tatu, kisha moja peke yake. Zikionekana zimebandikwa juu, punguza `Opacity` ya leya hadi asilimia 60 au 70. Zikiwa safi kuliko picha, na hasa picha ya ISO 1600 chini ya wingu, wekea leya hiyo `RGB Noise` kidogo hadi ichanganyike. Katika 3.0 kichujio hicho kinabaki wazi kwenye leya, unaweza kukirekebisha baadaye, na hilo limenirahisishia kazi mno. Nyuzi za nyuma ya sikio ambazo kamera haikuzilenga zichorwe kwenye leya yake, zipewe `Gaussian Blur` ya kama pikseli 2.

Asiye na tableti ya kuchorea asikate tamaa, na hapa naisifu GIMP bila kusita. Chora njia kwa kifaa cha `Paths`, nukta mbili na mkunjo mmoja, halafu `Stroke Path`, chagua kifaa cha kupaka rangi na utie alama kwenye `Emulate brush dynamics`. Mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha mwembamba, ilimradi mienendo ya brashi ni `Pressure Size`. Kwa kuwa unachongoka pande zote mbili, anzia ndani ya nywele ili ncha ya mizizi ijifiche. Ni polepole, lakini mkono wa kipanya hauonekani.

Mng'ao sasa. Ile mistari myeupe naipaka kwa `Clone` iliyowekwa `Darken only`, `Opacity` asilimia 40, nikichukua nywele za karibu zisizo na mstari. Inaguswa myeupe tu, nyeusi inabaki. Baada yake `Curves` kwenye nywele peke yake: nukta ya 30 naipandisha hadi 40 hivi, zile za juu naziacha. Kwa nywele nyeusi hilo linatosha kurudisha ule ukavu. Watu huongeza mwanga wa jua ukingoni ili nywele zionekane nyepesi. Mtu amesimama chini ya wingu la mvua, jua hilo limetoka wapi?

Nywele zilizoganda kwenye paji la uso zinaondolewa kwa `Heal` zikiwa katikati ya ngozi, lakini ukikaribia mpaka wa nywele hamia `Clone`. `Heal` huchanganya na rangi za jirani, na karibu na kitu cheusi huacha doa chafu. Vinywele laini vya mpakani viache. Jasho linalong'aa kwenye paji na ukosi uliolowa vishughulikiwe pia, la sivyo utakuwa na kichwa kikavu juu ya shati lenye maji.

Mwisho ni nyuzi chache zinazopepea nje ya ukingo. Nzuri kuliko za kuchora ni za kweli, zilizo mahali pengine kwenye picha hiyohiyo. Zichukue kwa `Clone` ya `Darken only` dhidi ya anga, na unyuzi mweusi pekee utahama. Ukiona kivuli cha kijivu kimekuja nao, anga ya ulikochukua ni nyeusi kuliko ya unakoweka, chukua kwingine.

Pungufu la pili ni uzito. Faili ya megapikseli 24 yenye leya nane inailemea laptopu ya GB 4, na `Warp Transform` inaburuta mkono. Nakata sehemu ya kichwa kuwa faili yake, namaliza, narudisha. Kagua kwa ukubwa wa asilimia 50, kwa sababu picha ya inchi 8 kwa 10 kwenye pikseli 300 kwa inchi ina urefu wa pikseli 3000 tu, na unachokihangaikia kwa asilimia 400 hakitachapishwa.

Haya yote ni ya nywele zilizonyooka, na wigi iliyonyooka inafuata njia hiyohiyo. Nywele za kusuka hazitenganishwi. Ondoa matone na mng'ao, basi. Nywele za asili zisizotiwa dawa ni kazi nyingine kabisa: zikilowa hujikunja na kufupika, nyuzi zake ni za kujipinda, na mistari ya brashi itazifanya zionekane manyoya. Hapo sichori. Naomba picha iliyopigwa kabla ya mvua, kichwa kikiwa kimeelekea upande uleule na mwanga ukiwa laini vilevile, nachukua ukingo na ujazo kutoka humo kwa maski. Picha hiyo ikikosekana, natoa matone na kupunguza mng'ao, na namwambia mteja mapema kwamba ujazo hautarudi.