Kazi ya kwanza: pensheni ya kikokotoo au mfuko wa akiba? Nimezipanga kwa hesabu

Kwenye mkataba wa ajira kuna ukurasa wa huko nyuma ambao karibu kila mtu anasaini bila kuusoma, ule wa mafao ya kustaafu. Mi nilisaini hivyohivyo. Baada ya miezi 23 nikaacha kazi, nikaenda kudai changu, dada wa utumishi akafungua ukurasa uleule akaweka kidole kwenye mstari mmoja: mchango wa mwajiri unakuwa mali yako ukitimiza miezi 24. Mwezi mmoja tu jamani! Nikaondoka na kile nilichokatwa mimi na riba yake, nusu nyingine ikabaki hukohuko. Kwa hiyo huu mwongozo nauandika nikiwa na uchungu kidogo, mnisamehe.

Ukiambiwa uchague, au ukiwa na ofa mbili za kazi mezani, kwa kawaida utakutana na vitu viwili. Cha kwanza ni pensheni ya kikokotoo, kwenye makaratasi wanaiita mpango wa mafao yaliyobainishwa. Hapa unaahidiwa kitakachotoka: fomula inachukua miaka uliyofanya kazi na mshahara wako, inakupa kiasi cha kila mwezi mpaka unakufa. Pesa za mfuko zikiwekezwa vibaya ni kichwa cha mwajiri kuuma, sio chako. Cha pili ni mfuko wa akiba, mpango wa michango iliyobainishwa, na huu umegeuzwa kabisa, kinachojulikana ni kinachoingia tu. Wewe unakatwa asilimia fulani, mwajiri anaongeza ya kwake, vinakaa kwenye akaunti yenye jina lako, vinapata faida au hasara, na siku ya mwisho unachukua kilichopo, mara nyingi kwa mkupuo.

Watu wengi wakisikia hivyo wanasema ah, kikokotoo ndo bora, nalipwa mpaka kaburini. Ni kweli kabisa kwa mtu anayekaa. Shida ni kwamba wewe ni wa kazi ya kwanza, na kazi ya kwanza watu huwa hawastaafii hapo. Hebu tuangalie kwa namba halafu utaona mwenyewe.

Chukua mtu wa miaka 25, mshahara 1,000 kwa mwezi (pesa yoyote ile, hesabu haibadiliki), unapanda asilimia 5 kila mwaka, na umri wa kustaafu ni 60. Kikokotoo chake kinampa sehemu moja ya sitini ya mshahara wa mwisho kwa kila mwaka wa utumishi. Akikaa miaka yote 35, mshahara wake wa mwaka wa mwisho utakuwa kama 5,253, zidisha kwa 35 gawanya kwa 60, anapata pensheni ya 3,064 kila mwezi. Safi sana hiyo.

Sasa mwambie aondoke baada ya miaka 5. Mshahara wake wa mwisho pale ni 1,216. Mara 5 gawa kwa 60, inatoka 101 kwa mwezi. Na hiyo 101 haanzi kulipwa leo, anaisubiri mpaka afike 60, yaani miaka 30 mbele. Kama mpango hauongezi pensheni ya aliyeondoka kufuata bei za vitu, na bei zikapanda asilimia 5 kwa mwaka, hiyo 101 siku ya kuipokea itanunua vitu vya kama 23 vya leo. Ni kama umelipwa kwa noti za zamani.

Hapo ndo pana siri yenyewe. Miaka 5 ya mwanzo ni ileile, jasho lilelile. Ukikaa mpaka mwisho, miaka hiyo inapigiwa hesabu kwa mshahara wa 5,253, kwa hiyo inakuletea 438 kwa mwezi. Ukiondoka inapigiwa kwa 1,216 na inakuletea 101. Kikokotoo cha mshahara wa mwisho kinafanya thamani kubwa ije mwishoni mwishoni, na anayeondoka mapema anaiacha mezani bila hata kujua, manake hakuna barua inayokuja kumwambia umepoteza kiasi gani.

Mtu huyohuyo mweke kwenye mfuko wa akiba. Anakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 5, jumla 10. Mfuko unaleta faida ya asilimia 7 kwa mwaka baada ya gharama (sio ahadi, ni mfano, miaka mingine itakuwa chini na mingine hasara kabisa). Baada ya miaka 5 ana kama 7,576 kwenye akaunti. Akiziacha humo au akazihamishia mfuko mwingine bila kuzigusa, akifika 60 zimekuwa kama 57,671, na akizigawa ajilipe mwenyewe kwa miaka 20 huku salio likiendelea kuzaa ileile 7, inampa kama 447 kwa mwezi. Dhidi ya 101. Haina hata mjadala.

Lakini rudi kwa yule anayekaa miaka 35. Mfuko wa akiba utampa kama 309,634, ukizigawa kwa namna ileile ni 2,400 hivi kwa mwezi na zinaisha akiwa na miaka 80. Kikokotoo kinampa 3,064 na akifika 81 bado kinalipa, akifika 95 bado kinalipa. Hapa kikokotoo kimeshinda, tena bila yeye kujua chochote kuhusu hisa wala hatifungani.

Basi upangaji wangu kwa mtu wa kazi ya kwanza uko hivi. Nafasi ya kwanza nampa mfuko wa akiba ambao mwajiri anachangia angalau sawa na wewe na mchango wake unakuwa wako ndani ya mwaka mmoja au miwili. Sio kwamba ndo mzuri kuliko vyote duniani, ila ndo unaosamehe mtu ambaye hajui atakuwa wapi miaka mitano ijayo, na wengi wetu tuko hapo.

Nafasi ya pili, kikokotoo, ila kwa yule ambaye kwa kweli ataota mizizi. Kuna fani ambazo mwajiri wako ni mmoja tu karibu maisha yako yote, ualimu wa umma, jeshi, mahakama. Kama ni wewe, kipandishe nafasi ya kwanza na usisumbuke na hesabu zangu. Na pia kama fomula yao inatumia wastani wa mishahara yote ya utumishi badala ya mshahara wa mwisho, na kila mwaka wanaipandisha hiyo mishahara ya nyuma kufuata bei hata kwa walioondoka, basi anayeondoka mapema haumii sana, hicho nakipa heshima zaidi. Tafuta neno "wastani" kwenye kanuni za mpango, liko mle.

Nafasi ya tatu ni mfuko wa akiba ambao mwajiri haweki kitu au anaweka kiduchu. Huo ni kama kibubu tu, unajiwekea mwenyewe. Una faida yake ya kukukata kabla hujaishika pesa, lakini usije ukaacha ofa nyingine kwa ajili ya huo.

Ya mwisho kabisa, na hii inawashangaza watu, ni kikokotoo chenye muda mrefu wa kustahili, kwa mtu anayejua kabisa hatakaa. Mipango mingine inataka miaka 10 au zaidi ndo ustahili pensheni, ukiondoka kabla unarudishiwa ulichokatwa wewe na riba ndogo, mwingine hata riba hamna. Kwa jina umekaa kwenye pensheni ya kifahari, kiuhalisia umekopesha mwajiri pesa kwa bei ya bure.

Kabla hujasaini kuna mambo machache ya kuuliza, na uliza kwa maandishi, barua pepe inatosha. La kwanza ni hilo la muda wa kustahili, na usikubali jibu la "miaka miwili hivi". Uliza inahesabiwa tangu siku ya kuanza kazi au tangu uthibitishwe baada ya majaribio, manake hiyo tofauti ya miezi michache ndo iliyokula wenzio. Mi ningeuliza hivyo ningevumilia bosi wiki nne zaidi.

La pili, asilimia inakatwa kwenye nini? Mara nyingi ni mshahara wa msingi tu, posho hazimo. Ukipewa ofa ya 1,000 lakini msingi ni 600 na posho 400, basi mchango wa asilimia 10 ni 60, sio 100, na kwenye kikokotoo ni vilevile, pensheni itapigwa kwa msingi. Ofa mbili zenye jumla moja zinaweza kuwa na uzee tofauti kabisa.

Kwa wa mfuko wa akiba, ulizia gharama za uendeshaji. Asilimia moja inaonekana kama vumbi. Kwenye mfano wetu wa miaka 35, faida ikishuka kutoka 7 hadi 6 kwa sababu ya gharama, ile 309,634 inakuwa kama 260,408. Karibu 49,000 zimeenda na hukumwona aliyezichukua. Na ukishaanza kazi, kila ukipata taarifa ya akaunti ilinganishe na salari slipu zako mwezi kwa mwezi, maana kuna waajiri wanakukata vizuri kabisa na hawapeleki. Dalili yake ni makato yapo kwenye slipu, kwenye taarifa ya mfuko huo mwezi hauonekani. Mwezi mmoja unaweza kuwa uchelewaji tu, miezi mitatu mfululizo nenda kauliza na slipu zako mkononi, na usipojibiwa peleka kwa msimamizi wa mifuko.

Kwa wa kikokotoo swali kubwa ni kama mfuko una pesa za kutosha kulipa ilizoahidi, kwa sababu ahadi ni ya mwajiri na mwajiri anaweza kufilisika. Mtaalamu wa hesabu za bima, akchuari, huwa anaupima mfuko kila baada ya miaka michache na anaandika una asilimia ngapi ya deni lake. Omba ripoti ya karibuni, mwanachama anatakiwa kuipata walau kwa muhtasari. Ukikuta 95 au 100 na kitu, sawa. Ukikuta 60, na ripoti iliyopita ilikuwa 75, hapo mi ningechukua ile ofa nyingine.

Na ukiondoka na mfuko wa akiba, siku ya kujaza fomu kutakuwa na viboksi viwili: kulipwa taslimu au kuhamishia mfuko mpya. Ile hesabu yote ya 447 inatoka kwenye kiboksi cha pili. Ukitiki cha kwanza una 7,576 mkononi na miaka 30 ya kuanza upya.