TV ya inchi ngapi inakufaa kama king'amuzi chako ni cha chaneli za SD

Shemeji yangu wa Mbagala aliachana na TV yake ya chogo ya inchi 21, akashuka Kariakoo na kurudi na inchi 55 iliyoandikwa 4K. Dukani ilikuwa inaonyesha samaki ambao magamba yao unaweza kuyahesabu. Nyumbani, alipofungua taarifa ya habari, uso wa mtangazaji ulikuwa kama umepakwa mafuta, na maandishi yanayopita chini yalikuwa na ukungu. Akanipigia: "Shemeji, wamenipiga, hii feki."

Haikuwa feki. Wale samaki walikuwa video ya 4K kutoka kwenye flashi. King'amuzi chake kinaleta chaneli za SD, yaani picha ya kiwango cha kawaida, na picha kamili ya SD kwa mfumo wetu ina nukta 720 kwa upana na mistari 576, jumla nukta 414,720. Kioo cha 4K kina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, yaani mara 20 kamili. Kwa kila nukta moja iliyorushwa na kituo, TV inabidi ijaze 19 za kukisia. Kila TV bapa hufanya kazi hiyo, hata ya bei ya chini, la sivyo picha ingekaa kama stempu katikati ya kioo.

Prosesa nzuri hukisia vizuri. Hutazama nukta jirani, hufuata mwelekeo wa kingo na kulainisha ngazi-ngazi kwenye mstari wa goli. Lakini namba ya mgongoni ambayo haikusomeka kwenye matangazo haitarudi. Tena chaneli za SD hubanwa sana ili nyingi zienee kwenye masafa machache, na mbano huo huacha vijiboksi, hasa kwenye nyasi mpira unapokwenda kasi. TV hukuza na vijiboksi pia. Kwa hiyo kukuza huifanya SD itazamike kwenye kioo kikubwa. Haiigeuzi kuwa HD.

Kinachoamua ni umbali wa kochi. Mtu mwenye macho mazuri huanza kutofautisha mistari ya SD akiwa karibu kuliko kama mita 2.4 kwa inchi 32, mita 3.2 kwa inchi 43, na mita 4 kwa inchi 55. Sebule ya shemeji ina mita 3 kutoka kochi hadi ukuta wa TV. Kwa sebule kama hiyo, na mtazamaji wa SD zaidi, mimi napanga hivi.

Ya kwanza ni inchi 43. Kwa mita 3 kasoro zinaanza tu kuonekana, na mpira unatazamika bila kukodoa macho. Full HD inatosha. Ukiikuta ya 4K kwa bei ileile chukua, ila kwa SD hutaona tofauti ukiwa umekaa kochini.

Ya pili ni inchi 50 au 55 ya 4K yenye prosesa nzuri, kwa mwenye intaneti au kifurushi cha chaneli za HD. Usiinunue kabla ya kwenda na king'amuzi chako dukani na kuomba waunganishe. Tazama maandishi ya habari na nyasi za uwanja, ukiwa umesimama umbali wa kochi lako.

Inchi 32 naiweka ya tatu. SD hukaa safi juu yake, ila kwa familia nzima ni ndogo. Ya mwisho kabisa ni inchi 55 ya bei ya kutupa: hukuza kasoro zote na kukisia vibaya.

Soma boksi kwa makini. HD au HD Ready mara nyingi ni kioo cha 1366 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080. Mtego ni "4K Supported" au "Full HD Supported": TV inapokea picha hiyo, kisha inaipunguza iingie kwenye kioo chenye nukta chache. Tafuta mstari ulioandikwa Resolution, na namba ya modeli uilinganishe na tovuti ya kampuni.

Kwa shemeji hatukurudisha TV. King'amuzi kilikuwa kimeunganishwa kwa waya wa AV, ule wa njano, nyekundu na nyeupe. Tukaweka HDMI, rangi zikaacha kuvuja kwenye kingo. Sharpness ilikuwa juu sana, tukaishusha hadi ule mzingo mweupe kuzunguka herufi ukapotea. Kisha tukajaribu king'amuzi kitoe 576, halafu 1080, tukaacha 576 kwa sababu TV yake ilikuza vizuri kuliko king'amuzi. Mwisho tukasogeza kochi hadi ukuta wa nyuma. Maandishi ya habari sasa anayasoma, ingawa sura za wachezaji wa mbali bado ni ukungu.