Picha ya harusi iliyogeuka nyekundu: uzoefu wangu na fundi wa Majengo

Picha ya harusi ya wazazi wangu, iliyopigwa Kongwa mwaka 1981, ilikaa miaka yote kwenye sanduku la bati. Nilipoitoa ilikuwa nyekundu tupu, na shati la baba limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Duka la kwanza hapa Dodoma walibonyeza kitufe cha kusahihisha rangi yenyewe, dakika tano wakanikabidhi. Mama mdogo aliitazama akasema, "Mwanangu, dada yangu mmempaka jivu."

Fundi wa pili, mwenye chumba kidogo Majengo, alianza na chanzo. Picha hizi zina rangi tatu: samawati, majenta na njano. Kwenye karatasi nyingi za miaka ile, picha ikikaa gizani penye joto, samawati ndiyo hutangulia kufifia. Majenta na njano zilizobaki, zikiwa pamoja, jicho huziona nyekundu.

Akaiskani upya, marekebisho yote ya skana yakiwa yamezimwa, kisha akasogeza kishale kwenye koti jeusi la baba. Kwa kipimo cha 0, giza kabisa, hadi 255, mwanga kamili, skrini ikasoma nyekundu 112, kijani 48, bluu 40. Koti jeusi halina sababu ya kuwa na nyekundu kubwa namna hiyo. Shati likasoma 238, 205, 178. Kwa `Levels`, zana ya kupanga wapi weusi unaanza na wapi weupe unaishia, akaibana kila chaneli peke yake: nyekundu kutoka 100 hadi 242, kijani 30 hadi 210, bluu 25 hadi 185. Koti likawa jeusi, shati likawa jeupe. Nikadhani tumemaliza.

Uso wa mama ulikuwa na ukijani, kama mtu aliyetoka kuugua. Shavu lilisoma 108, 99, 75. Fundi akasema ngozi yetu ya kahawia huwa na nyekundu juu, kijani chini yake kwa pengo linaloonekana, na bluu chini zaidi. Hapa nyekundu na kijani zilikuwa zimekaribiana mno. Rangi haikufifia kwa kiasi kimoja kila mahali, ndiyo maana weusi na weupe vinaweza kukaa sawa huku katikati kukabaki na kasoro. Kwa `Curves`, zana inayoweza kugusa sehemu za katikati bila kuvuruga weusi na weupe, akainua nyekundu ya katikati tu, mpaka shavu likasoma 128, 99, 75.

Hapo akaacha namba. Alifunga pazia, maana jua la saa nane lilikuwa linapiga ukuta wa rangi ya machungwa na kumwagia skrini wekundu, tukatoka nje dakika kumi. Jicho likitazama picha nyekundu muda mrefu huizoea. Tuliporudi aliona shavu limezidi kidogo, akashusha nyekundu hadi 124.

Nililipa shilingi 20,000, na sijutii. Kona ya chini, penye kivuli cha khanga, samawati ilikwisha kabisa na maua hayasomeki. Fundi alikataa kuyachora kwa kubuni, akaiacha kahawia. Mama mdogo aliishika picha mpya, akagusa shavu kwa kidole: "Huyu ndiye dada."